Mpangilio wa kupasha misuli timu ya netiboli: kipi kianze, na kila zoezi ni la nini?

Mwl_Makambako

Wakuu, kamwene.

Nafundisha sekondari huku Makambako na nimekabidhiwa timu ya netiboli ya wasichana. Utaratibu nilioukuta ni huu: wanafika uwanjani saa moja na nusu asubuhi, wanakaa duara chini, wananyoosha miguu huku kapteni akihesabu hadi thelathini, wanarudia tena na tena, kila mguu. Wakimaliza wanazunguka uwanja mara mbili, kisha wanapanga mstari kumsubiri mgeni rasmi akague timu. Baada ya hapo filimbi.

Robo ya kwanza wanacheza kama watu walioamshwa usingizini. Na baridi hii ya mwezi wa sita mnaijua. Wasichana wawili wameshika nyama za paja kabla robo haijaisha, wote wakiwa wanachomoka kuwahi pasi. Mlinzi mmoja naye goti linamsumbua kila akitua.

Naomba mpangilio, lakini orodha tupu ninazo nyingi. Nataka kujua kila zoezi linafanya kazi gani, maana wasichana wa siku hizi wanauliza "madam, hili la nini?" na sipendi kujibu "fanya tu". Nina dakika 20 hadi 25, uwanja wa moramu, koni sita na mipira mitatu.

Kocha wa Kihesa

Madam, ugonjwa wako uko hapo hapo kwenye duara. Kunyoosha kabla ya mechi ni sumu. Msuli ukivutwa unalegea, ukilegea hauna nguvu, na usio na nguvu unachanika. Mimi timu zangu zote, za mpira wa miguu na za pete, nilishafuta kitu hicho. Wape mizunguko kumi ya uwanja, jasho litoke, wacheze. Hayo mengine ni mbwembwe.

Mama Tuli

Asante mwalimu kwa uzi huu, umekuja wakati wangu. Mimi niko Tukuyu, magoti yananiuma sana nikishuka mlima kutoka shambani, kupanda hayaumi. Hayo mazoezi ya kunyoosha nianze na lipi? Na je, yanapunguza tumbo?

Chai ya Rungwe

Mama Tuli hapa ni netiboli mama yangu 😂 ila na mimi nasubiri hilo la tumbo.

Fundi Viungo

Mama Tuli, shikamoo. Goti linalouma kwenye kushuka tu lina maelezo yake, nitakujibu mwishoni nisichanganye uzi wa mwalimu.

Kocha, umesema kweli nusu. Ni kweli kwamba ukivuta msuli mmoja ukaushikilia dakika nzima au zaidi, halafu ukaruka papo hapo, unaruka chini kidogo kuliko kawaida yako. Hilo limepimwa mara nyingi. Lakini ukishikilia sekunde 15 au 20, kisha ukakimbia na kuruka kabla ya mechi, tofauti hiyo karibu haionekani. Kwa hiyo sio sumu. Ni kitu kilichowekwa mahali pasipo pake, na kwa hawa wasichana kinarudiwa mno.

Madam, angalia asubuhi yao ilivyo. Wanatoka bwenini na baridi, wanakaa kwenye ardhi ya baridi, wanavuta misuli ambayo haijapata joto. Halafu mizunguko miwili ya mwendo ule ule, upande ule ule, hatua fupi. Halafu wanasimama. Nyama za nyuma ya paja kazi yake ngumu kuliko zote ni pale mguu unaporushwa mbele kwa kasi: zinarefuka, na papo hapo zinatakiwa kuufunga breki mguu huo kabla unyayo haujagusa chini. Katika utaratibu wenu wote, mara ya kwanza kwa paja kufanya kazi hiyo asubuhi ile ni ndani ya mechi, kwenye pasi ya kwanza. Hapo ndipo wanaposhika paja.

Mizunguko kumi haitibu hilo. Inaleta joto, sawa, lakini paja bado halijarushwa, na miguu imeshachoka. Netiboli yenyewe uwanja ni mita 30.5 kwa 15.25, umegawanywa mara tatu, na mchezaji haruhusiwi kutoka nje ya maeneo yake. Hakuna anayekimbia mbio ndefu pale. Wanachomoka mita tano, wanasimama ghafla, wanageuka. Kupasha kunatakiwa kuishie kwenye kitu hicho hicho.

Mpangilio wangu ni huu: joto, kuamsha misuli inayolinda goti na kifundo, kurusha viungo, kutua, kuchomoka na mpira. Kuvuta misuli kwa kushikilia kunakwenda baada ya mechi. Naandika vipande vipande, niko kazini.

Kocha wa Kihesa

Haya mtaalamu, tunasubiri. Ila timu zangu hazijachana mtu.

Fundi Viungo

Joto kwanza. Dakika tano, kwa baridi ya Makambako fanya saba, na wasivue sweta. Wapange kwenye mstari wa pembeni, wakimbie taratibu kukatisha uwanja kwa upana na kurudi. Mara ya kwanza mbele, kisha ubavu ubavu wakitazama upande mmoja, kisha kinyumenyume, kisha ubavu wakitazama upande wa pili. Kasi ni ile ambayo mtu anahema lakini bado anaweza kumsimulia mwenzake jambo. Damu inakwenda kwa wingi kwenye misuli, na msuli wenye joto unajikunja haraka na kurefuka bila kugoma. Kwenda ubavu na kinyumenyume sio pambo: mlinzi anatumia nusu ya mechi akitembea hivyo, na misuli ya kinena na ya ubavu wa nyonga haipati joto la maana kwa kukimbia mbele peke yake.

Utajuaje wamefika? Weka mkono nyuma ya shingo ya mmoja wao. Pakiwa na unyevunyevu, endelea. Pakiwa pakavu na baridi, ongeza dakika, hata kama ratiba inasema vingine.

Pili kuamsha, dakika tatu au nne. Hapa wengi wanaruka kwa sababu hakuna mbwembwe. Kuna misuli ubavuni mwa nyonga, juu kidogo ya makalio kwa nje, ambayo kazi yake ni kuzuia goti lisiangukie ndani mtu akisimama kwa mguu mmoja. Netiboli ni mchezo wa mguu mmoja: unadaka hewani, unatua, huo mguu uliotua nao ndio unaokubana kisheria. Ubavu wa nyonga ukilala, goti linaingia ndani. Basi: wachuchumae nusu, miguu upana wa nyonga, waende hatua ndogo za ubavu kumi kulia na kumi kushoto, magoti yasikaribiane. Moto waliousikia ubavuni ndio uthibitisho. Wakisikia mbele ya paja tu, wamechuchumaa wakiwa wamesimama wima mno, waambie warudishe makalio nyuma.

Halafu kusimama mguu mmoja na kupanda kwa vidole, mara kumi kila mguu, kushuka polepole. Hilo ni la kigimbi na kifundo. Kifundo kuteguka ndilo jeraha linaloongoza kwenye netiboli, na kinacholinda kifundo sio nguvu pekee, ni wepesi wa mwili kugundua kwamba unyayo unapinduka. Kusimama mguu mmoja ndiko kunakoufundisha wepesi huo.

Bawa la Kushoto

Nimecheza mpaka UMISSETA, nikivaa WA, sasa niko Mbeya mjini nasaidia timu ya mtaa. Naongezea moja kwa madam: wasichana wakifanya hilo la hatua za ubavu watacheka. Sketi, kuchuchumaa, wavulana wamekaa kwenye ukuta. Wavalishe bukta za kubana chini ya sketi tangu bwenini, na zoezi hilo lifanyieni upande wa mbali na watazamaji. La sivyo watalifanya nusunusu, na likifanywa nusunusu ni bora kuliacha.

Halafu Fundi, kulala chali na kuinua makalio mbona hujaliweka? Sisi tulifanya sana.

Fundi Viungo

Zuri sana dada, linaamsha makalio kwelikweli. Sikuliweka kwa sababu ya moramu yenye umande. Kama kuna kanga za kutandika, mara kumi zinatosha, lichukue nafasi baada ya hatua za ubavu. Bila kanga siwezi kumlaza mtoto kwenye kokoto saa moja na nusu asubuhi Makambako.

Tatu, kurusha viungo, dakika tano. Hapa ndipo kunyoosha kulipo, ila ni kunyoosha kunakotembea. Kila kimoja mara nane hadi kumi kwa upande.

Kurusha mguu mbele na nyuma, mkono umeshika bega la mwenzako: hili ndilo la wale wawili wako walioshika paja. Waanze chini, kila mrusho uzidi kidogo, mgongo usijikunje. Ukiona mtu anarusha juu sana huku goti la mguu uliosimama limejikunja na mgongo umepinda, paja halirefuki, anajidanganya tu. Wanaufundisha msuli wa nyuma kurefuka kwa kasi na kujifunga breki, kabla ya mechi kuwalazimisha.

Kurusha mguu kushoto na kulia mbele ya mwili: kinena. Anayenyoosha mguu kuwahi mpira unaotoka nje ya mstari anaumia hapo kama hajajiandaa.

Hatua ndefu ya kuzama, goti la nyuma karibu liguse chini, kisha kiwiliwili kinazungushwa kuelekea mguu wa mbele. Linafungua mbele ya nyonga, sehemu ambayo mwanafunzi anayekaa kwenye dawati mchana kutwa huwa imemfupika. Mzunguko nao ni wa pasi: mchezaji aliyetua hawezi kuhamisha miguu ovyo, anageuza kiwiliwili. Kiwiliwili kisipogeuka, goti ndilo litakalolazimishwa kugeuka, na goti halikuumbwa kwa kazi hiyo.

Mikono: kuzungusha mabega mbele na nyuma, kisha kuinua mikono juu na kuegemea kushoto na kulia. Lina faida kwa wote, ila kwa mfungaji na kwa mlinzi anayesimama na mikono juu ya mpira ni lazima.

Kocha wa Kihesa

Sasa hapa tumekubaliana. Hiyo kurusha miguu sisi tunafanya. Mimi nilichokataa ni kukaa chini. Ila kuna wasichana wawili kwangu wanaapa kwamba wasipokaa wakavuta kinena, wanajisikia wamefungwa. Niwazuie?

Fundi Viungo

Usiwazuie. Wape sekunde 15 kila upande, baada ya joto na kabla ya kurusha viungo, wakiwa wamesimama kama ardhi ni baridi. Kisha waendelee na wenzao. Kujisikia tayari nako ni sehemu ya kuwa tayari.

Mwl_Makambako

Ninaandika yote kwenye daftari. Kabla hujaenda kwenye kutua, nikueleze vizuri yule mlinzi wangu. Anavaa GD. Ni mrefu, anaruka vizuri, anaiba pasi nyingi. Akitua kwa mguu wa kulia anakunja uso. Goti halijavimba. Nimemwambia anyooshe mbele ya paja zaidi, haijasaidia. Mwaka jana aliwahi kuteguka kifundo cha mguu huo huo, akapaka dawa akarudi uwanjani.

Fundi Viungo

Hapo mwisho umenipa kitu. Mfanyie kipimo hiki kesho. Avue viatu, aelekee ukutani, mguu mmoja mbele. Apeleke goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka. Kisha arudishe unyayo nyuma kidogo kidogo mpaka pale goti linapogusa ukuta kwa shida ya mwisho, kisigino bado kiko chini. Pima kwa rula kutoka kidole gumba hadi ukutani. Fanya miguu yote miwili, halafu niletee namba.

Na mtazame akitua. Simama mbele yake, sio ubavuni. Aruke kidogo, atue mguu wa kulia, abaki hivyo hivyo. Goti linaelekea wapi?

Mwl_Makambako

Majibu. Mguu wa kushoto sentimita 11. Wa kulia 6, na alisema anahisi kitu kinabana mbele ya kifundo. Akitua kwa kushoto goti linatazama vidole. Akitua kwa kulia unyayo unalala ndani, goti linafuata, linaishia juu ya kidole gumba au hata ndani yake. Hata wenzake waliliona nilipowaonyesha.

Fundi Viungo

Basi goti lake linalipa deni la kifundo. Tofauti ya sentimita tano kati ya mguu na mguu ni kubwa. Kifundo kilichoteguka kisipofanyiwa kazi kinabaki kigumu. Akitua, ugoko unatakiwa uinamie mbele ili mshindo umalizike taratibu. Kifundo kikigoma, mwili unatafuta njia nyingine: unyayo unajibwaga ndani, goti linaingia ndani. Ndiyo maana kuvuta mbele ya paja hakukusaidia.

Katika kupasha, yeye aongezewe kimoja kwenye sehemu ya kurusha viungo: goti kwenda ukutani na kurudi, au kwenye nguzo ya goli, mara 15 mguu wa kulia, kisigino chini, goti lielekee kidole cha pili na cha tatu. Nyumbani pia, kila siku. Mpime tena kila wiki. Ile hali ya kubana mbele isipopungua kabisa, au ikianza kuuma, apelekwe akaonwe na mtu wa mazoezi ya viungo. Na goti likivimba au likimwachia ghafla wakati wa kugeuka, hapo asicheze hata dakika moja kabla ya kuonwa hospitali.

Sasa kutua kwa timu nzima, dakika nne, na madam ukikosa muda punguza kwingine, hapa usiguse. Linakuja baada ya nyonga kuamshwa na kabla ya mbio, kwa sababu mwili ukishachangamka kwa mbio na mipira hakuna anayesikiliza goti lake.

Waanze na kuruka juu kidogo, miguu miwili, watue na wabaki sekunde mbili. Kisha kuruka mbele kwa mguu mmoja na kutua kwa miwili. Kisha kutua kwa mguu mmoja. Mwisho kuruka, kugeuka robo hewani, kutua kwa mmoja, mwenzake akimrushia mpira. Mara tano kila aina. Maagizo yako yawe matatu tu: goti litazame vidole, makalio yarudi nyuma, nisisikie kishindo. Moramu inakusaidia hapo, inasema. Anayetua kwa goti lililonyooka utamsikia kabla hujamwona, na huo ndio utuaji unaochana kano za ndani ya goti, mara nyingi bila hata kuguswa na mtu.

Kisha wageuke kwa mguu wa kutulia: kisigino kinyanyuke kidogo, wazungukie sehemu ya mbele ya unyayo, na nyonga izunguke pamoja na unyayo. Ukiona kiwiliwili kimegeuka huku kiatu kimebaki kimekwama kwenye udongo, simamisha. Huko ndiko kusokota goti.

Bawa la Kushoto

Na hapo ndipo wanapojifunza kutopigiwa filimbi ya miguu pia. Anayetua ametulia anakuwa na muda wa kutazama ndani ya zile sekunde tatu. Anayetua akiyumba anainua mguu wa kutulia na kuukanyagia tena chini, mpira unakwenda kwa wapinzani. Ukitaka wasichana walichukue zoezi kwa uzito waambie hilo, majeraha hawayaogopi.

Kocha wa Kihesa

Hili la kutua nakiri silifanyi kwenye pete. Kwenye mpira wa miguu nimeliona ndani ya ule mpango wa FIFA wa 11+. Ila kwangu kuna ubishi mmoja: wasichana wangu wanafanya kutua kwa kushikilia sekunde mbili, kwenye mechi nani anashikilia sekunde mbili? Unawafundisha kuganda.

Fundi Viungo

Swali zuri. Kushikilia ni kwa ajili ya macho yako na ya mwili wake, ili kosa lionekane kabla halijafichwa na hatua inayofuata. Wiki za kwanza washikilie. Wakishatua vizuri, wafupishe, watue na kutoa pasi mara moja. Watu wa netiboli wa Australia wana mpango wao wa kupasha uliotengenezwa kwa ajili ya kulinda goti, nao unajenga hivyo hivyo, ngazi kwa ngazi. Na mipango ya aina hii faida yake inakuja ikifanywa mara mbili tatu kwa wiki kwa wiki nyingi. Ukifanya siku ya mechi tu, umepasha mwili, goti hujalijenga.

Mwisho, kuchomoka na mpira, dakika tano. Koni mita tano tano. Wachomoke kwa nusu ya kasi, wasimame, warudi. Kisha robo tatu. Kisha mara mbili tatu kwa kasi yote, wakidaka pasi mwishoni. Paja lipite ngazi zote hizo. Pasi ya kifuani, ya bega, ya juu, na walinzi wakae mbele ya mpira kwa umbali wa kisheria, sentimita 90, waruke kuzuia. Wafungaji waende kwenye goli hapa mwishoni, sio mwanzoni. Kufunga ukiwa umesimama hakupashi mtu.

Mwl_Makambako

Nimeelewa mpangilio, na sababu ninazo. Lakini mgeni rasmi? Tukimaliza kila kitu saa mbili na nusu, yeye anafika saa tatu, anasalimia mmoja mmoja, kuna na neno la ufunguzi. Joto lote linaondoka.

Bawa la Kushoto

Hilo la mgeni rasmi linajulikana kote huku, kuanzia UMITASHUMTA. Tulichofanya sisi: hatumalizi kupasha kabla hajafika. Tunafanya joto, kuamsha na kurusha viungo, halafu traksuti na sweta zinarudi, na kwenye mstari vidole vya miguu vinapanda na kushuka, magoti yanakunjwa kidogo, hakuna aliyekataza. Anapoondoka kwenda jukwaani tunaomba dakika nne tano kwa mwamuzi. Wengi wanakubali ukiwaomba mapema, kabla ya ukaguzi. Hapo ndipo kutua na kuchomoka.

Fundi Viungo

Dada amesema sawasawa. Kusimama robo saa kwenye baridi kunaondoa sehemu kubwa ya ulichojenga. Mwamuzi akikataa, basi fanyeni kutua mara tano na kuchomoka mara mbili wakati wa kuingia na kurushiana mipira. Na sabu msiwasahau: aliyekaa benchi tangu mwanzo akiingizwa robo ya tatu bila kitu ndiye wa kushika paja. Asimame kila robo inapokaribia kuisha, arushe miguu, achomoke nyuma ya benchi.

Baada ya mechi ndipo lile duara lenu linapata kazi, madam. Watembee dakika tatu kwanza. Kisha wakae na kushikilia sekunde 30, mara mbili: nyuma ya paja, mbele ya paja, kinena, kifua. Kigimbi kivutwe mara mbili kwa namna mbili, goti likiwa limenyooka kisha likiwa limekunjwa, kwa sababu kuna msuli wa juu na wa chini yake, na ule wa chini haufikiwi goti likinyooka. Hii inasaidia viungo kuwa na upana wake wa kawaida wiki hadi wiki. Haitaondoa maumivu ya kesho yake, msiwaahidi hilo. Na wale wawili walioshika paja wasivute paja kabisa siku za mwanzo, nyama iliyochanika haivutwi. Watembee, waanze na kukunja goti taratibu bila maumivu.

Mama Tuli

Mtaalamu umenisahau.

Fundi Viungo

Sijakusahau mama. Kushuka kunalibana goti zaidi kwa sababu paja la mbele linafanya kazi ya breki, kila hatua. Shuka kwa hatua fupi, jifanyie zoezi la kuchuchumaa nusu na kuinuka ukishika meza, mara kumi, siku tatu kwa wiki, lisizidi maumivu madogo. Likivimba au usiku likakuamsha, nenda kituo cha afya. Tumbo halihusiki na kunyoosha.

Chai ya Rungwe

Tumbo langu limehuzunika.

Kocha wa Kihesa

Nimewajaribisha leo jioni, kutua na hatua za ubavu. Wanne kati ya kumi na wawili goti linaingia ndani, na mmoja ni mfungaji wangu bora. Sasa swali: Jumamosi tuna mechi. Nimchezeshe?

Fundi Viungo

Ana maumivu? Aliwahi kuumia?

Kocha wa Kihesa

Hana. Hajawahi. Ni GS, anakaa ndani ya duara tu, haruki sana kama walinzi.

Bawa la Kushoto

Kocha, GS haruki? Anadaka mipira ya juu akiwa amebanwa na GK mgongoni, anatua akiwa amesukumwa. Mimi ningemchezesha nusu.

Fundi Viungo

Mimi ningemchezesha. Goti kuingia ndani bila maumivu ni la kufanyia kazi miezi, sio la kumtoa mtu timu Jumamosi. Ila umpime na kifundo kama madam alivyofanya, na umtazame robo ya mwisho, akiwa amechoka. Wengi wanatua vizuri asubuhi na vibaya wakichoka.

Kocha wa Kihesa

Nitampima. Kuhusu nusu au mechi nzima, nitaamua nikiona anavyotua mazoezi ya Alhamisi. Madam Makambako, ukileta timu Iringa tucheze kirafiki, usije na mgeni rasmi.